Mambo ya Nyumbani: Vidonge vya Damu na Choo Cheusi

Mwezi uliopita, baada ya ibada ya Jumapili, mwalimu mmoja alitujia faragha, akatuambia ya kwamba mkewe, aliye na mimba ya miezi mitano, ameacha vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki. Alikuwa amevificha katika kopo la chumvi. Tulipomwuliza sababu, mama alisema, “Choo changu kimekuwa cheusi kama masizi, tena kigumu, hata siku ya nne sijaenda. Naona dawa inaniunguza ndani.” Mumewe alikuwa karibu kukubaliana naye.

Hatukumlaumu, maana hakuna aliyemwambia mapema. Kidonge kile kina madini ya chuma, mara nyingi miligramu 60, pamoja na vitamini ya foliki. Mwili hupokea sehemu ndogo tu ya chuma hicho. Kilichobaki hushuka matumboni, nacho hukigeuza choo kiwe cheusi au kijani kilichokolea, kama vile chuma kilicholala matopeni kinavyofanya weusi. Rangi hiyo haina madhara, wala si damu iliyoungua. Mabaki hayo hayo ndiyo huwafunga choo baadhi ya akina mama, na wengine huwapa kichefuchefu na kiungulia. Tena mimba yenyewe hulegeza mwendo wa matumbo, hivyo mambo mawili hukutana.

Lakini upo weusi mwingine wa kuogopwa. Choo kikiwa laini, chenye kunata na kung’aa kama lami, tena chenye harufu mbaya isiyo ya kawaida, au kikiwa na damu nyekundu, au mama akiona kizunguzungu na maumivu makali ya tumbo, hiyo huenda ikawa damu inayovuja ndani. Huyo apelekwe hospitali siku ile ile.

Basi tuliwasindikiza wote wawili kliniki. Mkunga alimpima mama akaona damu yake ni 9, na mjamzito hapaswi kuwa chini ya 11. Kisha akamwuliza jinsi alivyokuwa akimeza. Mama akajibu kwamba alimeza alfajiri, tumbo tupu, akateremshia kwa chai ya maziwa. Mkunga akatikisa kichwa. Alieleza ya kuwa tumbo tupu hupokea chuma vizuri zaidi, lakini kwa wengine ndilo huleta kichefuchefu. Na chai, kahawa na maziwa hukizuia chuma kisiingie mwilini. Hivyo mama alikuwa akipata taabu ya dawa bila faida yake.

Akaendelea kumdadisi, mpaka mama akakiri, kwa aibu, ya kwamba hula udongo kila siku, ule uuzwao sokoni kwa vipande. (Akina mama wengi mtajicheka hapa.) Udongo huo hushika chuma tumboni, nao wenyewe hufunga choo. Lawama yote ilikuwa imetupiwa kidonge!

Shauri lake lilikuwa hili. Kwa kuwa damu ilikuwa pungufu, mama alihitaji vidonge viwili kwa siku, ila aanze na kimoja kwa juma moja, usiku, muda kidogo baada ya chakula, kwa maji au maji ya chungwa, kwa maana uchachu wa chungwa husaidia chuma kupokewa. Chai ikae mbali na kidonge, saa moja au mbili. Tumbo likizoea, aongeze cha pili mchana. Udongo auache. Kwa choo kigumu, anywe maji mara nyingi mchana kutwa, ale papai, maharage, mchicha na ugali wa dona, na atembee jioni. Alimkataza kabisa mafuta ya mbono na majani ya kuharisha, kwa kuwa huweza kuamsha uchungu kabla ya wakati. Choo kikikataa hata hivyo, arudi apewe dawa ya kulainisha iliyo salama kwa mjamzito, au abadilishiwe aina ya kidonge. Tena akisahau siku moja, asimeze mara mbili kesho yake ili kufidia.

Neno moja alimwambia baba: kopo la chumvi si mahali pake. Vidonge hivi vingine hung’aa kama peremende, na mtoto mdogo akimeza vingi huweza kufa. Mwalimu akapigilia rafu juu ya mlango jioni ile ile.

Juma la kwanza mama alipata kichefuchefu siku mbili, kisha kikaisha. Udongo ulimshinda mara moja, akatuambia mwenyewe. Baada ya majuma manne alipimwa tena, damu ikawa 10 na nusu. Choo sasa huenda kila siku au siku ya pili, nacho ni cheusi vile vile.