Acheni kubandika vitu kwa Gaussian Blur

Ntasema hii kitu na najua kuna majamaa Kisauni na Changamwe watanikasirikia, lakini wacha niseme. Zile video zetu tunazobandika chupa, mabango na magari nyuma ya mtu, halafu tunavuta Gaussian Blur mpaka "ikae poa", zinatuaibisha. Mtu wa kawaida hajui lenzi ni nini, lakini sekunde mbili tu anaandika kwa komenti: "hii imebandikwa." Na yuko sawa.

Mimi mwenyewe niliaibika, na ilinikosesha pesa. Mwaka jana nilipata kazi ya duka moja la udi na marashi huku kwetu Likoni. Tulipatana 8,000, nikapewa 3,000 ya kuanzia. Tukashuti jioni ufuoni Shelly. Dada anashika chupa, anaongea, na nyuma yake ng'ambo ya maji taa za Mama Ngina zimekuwa duara kubwa kubwa laini, zile tunaita boke. Lenzi ilikuwa ile ya 50 mm, nimeifungua mpaka f/1.8. Picha tamu, wallahi.

Siku ya pili mwenye duka akanipigia. "Mwanangu, ule ubao wa duka uko wapi?" Ubao hatukubeba. Nikamwambia, "Usijali ami, nitauweka kwa kompyuta." Nikachukua logo, nikatengeneza ubao, nikausimamisha nyuma ya dada. Ukawa mkali kama wembe, nikaona haiwezekani, nikatia Gaussian ya 8. Jina linasomeka, ami amefurahi, tumepandisha. Kufika usiku komenti ni za kicheko. "Ubao unaelea." "Nani amekata gazeti?" Ami akaniambia ile 5,000 iliyobaki tungoje kwanza.

Nilikaa na ile fremu karibu wiki. Kosa langu ni kwamba nilidhani ukungu ni urembo, kitu unachoongeza mpaka jicho liridhike. Kumbe ukungu ni umbali. Lenzi ikishika fokasi mahali, kuna ukuta mmoja usioonekana, sambamba na kamera, na vitu vyote vilivyo kwa huo ukuta ndivyo vikali. Kila kitu kilicho nyuma yake au mbele yake, kila nukta yake ya mwanga inafunguka kuwa kiduara. Ukubwa wa hicho kiduara haupangwi na ladha yako. Unapangwa na kitu kiko wapi. Kwa hivyo ukiweka ukungu wa 8 umemwambia mtazamaji ubao uko mahali fulani, hata kama hukukusudia.

Na hesabu yake ni rahisi kuliko nilivyoogopa. Niliacha chuo mwaka wa pili, sina digrii ya kuwatishia nayo, na hii si chuo hata. Inatoka kwa ile mada ya lenzi tuliyosoma fizikia ya Fomu Foo tukilalamika itatusaidia na nini.

Tafuta kwenye picha yako taa moja ndogo iliyo mbali sana. Kwangu ilikuwa taa ya ng'ambo, mamia ya mita. Zumu ndani, pima duara lake kutoka ukingo hadi ukingo. Langu lilikuwa pikseli 60 kwa fremu ya upana wa 1920. Hiyo ndiyo dari: nyuma ya fokasi hakuna kitu kitakachopata duara kubwa kuliko hilo, hata mwezi. Sasa unahitaji namba mbili tu, umbali wa kamera hadi fokasi, tuuite F, na umbali wa kamera hadi kile kitu unachobandika, tuuite D.

```
duara = duara_la_taa_ya_mbali x (D - F) / D
```

Dada alikuwa mita 2 kutoka kwa kamera. Ubao nilitaka uonekane umesimama mita 2 nyuma yake, yaani mita 4 kutoka kwa kamera. Nne toa mbili ni mbili, gawanya kwa nne, nusu. Nusu ya 60 ni pikseli 30. Mimi nilikuwa nimeweka ukungu mdogo kabisa kuliko huo. Taa za nyuma zinasema lenzi imefunguliwa wazi, ubao unasema lenzi karibu imefungwa. Hapo ndipo jicho linakataa.

Kuna jambo lilinishangaza kwa hiyo hesabu. Kitu kikiwa mbele ya fokasi, unageuza tu, F toa D, halafu gawanya kwa D. Kitu kilicho mita 1 kutoka kwa kamera, katikati ya kamera na dada, kinapata 60 kamili, sawa na taa iliyo ng'ambo ya bahari. Sogeza hadi nusu mita, kinafika 180. Kwa hivyo wale wanaoweka jani la mnazi kwenye kona ya mbele na kulitia ukungu kidogo tu, jani lenyewe linawasuta.

Haya, nikaweka duara la 30 kwa ubao. Picha ikakaa kweli kabisa. Shida moja: jina la duka likapotea. Ubao ulikuwa na upana wa pikseli 660, herufi tisa, na unene wa mstari wa herufi ni kama pikseli 12. Ukizungusha duara la 30 juu ya mstari wa 12, unabaki na doa la dhahabu. Ami hakulipa pesa aonyeshwe doa.

Hapa ndipo wengi wetu tunadanganya. Tunapunguza ukungu ili jina lisomeke, na tunarudi palepale. Mimi nasema ukitaka kisomeke, usiguse ukungu, hamisha kitu. Sogeza ubao uwe karibu na ule ukuta wa fokasi, halafu acha hesabu iseme yenyewe.

Angalia vizuri: ubao wa sentimita 60 ulio mita 4 unachukua nafasi ileile kwa skrini na kibao cha sentimita 30 kilicho mita 2. Pikseli 660 zote mbili. Kinachomwambia mtazamaji ni kipi kati ya hivyo viwili ni ukungu. Na kwa bahati, kando ya bega la dada kulikuwa na mlingoti wa mwavuli wa ufuoni, karibu sentimita 10 nyuma yake. Nikafuta wazo la ubao mkubwa, nikatengeneza kibao cha mbao cha sentimita 30, nikakitundika kwa ule mlingoti. D ni 2.1, F ni 2. Duara linatoka kama pikseli 3. Jina linasomeka hadi nukta ya mwisho, na hakuna uongo wowote.

Sasa turudi kwa Gaussian. Hata ukipata namba sawa, Gaussian si lenzi. Yenyewe inafifia polepole kutoka katikati, haina ukingo, kama mafuta yaliyomwagika kwa karatasi. Lenzi inatoa duara lililojaa sawasawa na lenye ukingo. Kwa ukungu mdogo kama ule wa 3 hutaona tofauti. Kwa 30 utaona, na kwa taa utaona hata umelala. Harusi moja Kisauni niliongeza taa za waya nyuma ya maharusi, nikatumia Gaussian, zikawa pamba. Kwa After Effects tumia Camera Lens Blur, kwa Photoshop Lens Blur, kwa Fusion ya DaVinci Resolve iko Defocus. Ila usiamini namba iliyoandikwa, maana programu moja inahesabu nusu ya duara, nyingine inahesabu vyake. Tengeneza nukta nyeupe ndogo juu ya weusi, itie ukungu, upime duara lililotoka. Likifika 30 yako, hiyo namba ndiyo unayoihamishia kwa kazi.

Na taa zikitoka za kijivu baada ya ukungu, si macho yako. Taa halisi ina mwanga mara nyingi zaidi ya ule weupe wa mwisho wa picha. Lenzi inatandaza mwanga wote huo, lakini programu inatandaza ule uliokatwa tu. Fanya kazi kwa 32-bit na uwashe Linearize Working Space, taa yenyewe uipandishe iwe kali kupita weupe kabla ya kutia ukungu. Angalia pia umbo. Kwa f/1.8 duara ni la mviringo, lakini ile 50 mm ya zamani yenye pete ya vipande vitano, ukiifunga kidogo inatoa pembe tano. Taa zako za kubandika zikiwa za mviringo kati ya pembe tano, umekamatwa.

Mpangilio nao. Tia ukungu kwanza kwa kitu kizima, pamoja na kingo zake, ndipo ukiweke nyuma ya mtu uliyemkata. Ukikata kwanza nafasi ya kichwa kwenye ubao halafu utie ukungu, ubao unafifia kuzunguka nywele na unapata mstari wa mwanga kama malaika wa kwenye kalenda. Chembechembe za kamera zinakuja mwisho kabisa, kwa sababu zinatoka kwa sensa, si kwa lenzi. Ndiyo maana hata ukungu mzito wa kweli una chembe kali juu yake, na kitu chako kisipokuwa nazo kinang'aa kama plastiki.

Na wewe unayeshuti na simu, soma hapa. Lenzi ya simu ni fupi mno, kwa video ya kawaida mtu aliye mita 2 na ukuta ulio mita 10 vyote vinatoka karibu vikali sawa. Hapo ubao wako hauhitaji ukungu wowote. Nimeona watu wanatia ukungu kwa gari walilobandika wakati mnazi ulio nyuma ya hilo gari unahesabika majani.

Bado kuna kazi hii njia haimalizi. Tuktuk iliyosimama upande haiko umbali mmoja, pua yake na mkia wake vinataka duara tofauti, kwa hivyo unaigawa leya au unaichorea ramani ya umbali. Na fokasi ikihama katikati ya klipu, F inabadilika kila fremu, na ukungu wako lazima uhame nayo. Hiyo inakula usiku mzima, mwambie mteja mapema.

Ami nilimpelekea kile kibao cha mlingoti. Akaangalia mara tatu, akaniuliza, "Hiki tulikitundika siku ile?" Nikamwambia hapana. Akanipa 2,500 na chupa ndogo ya udi. Zile 2,500 nyingine bado namdai.