Kiwiko cha Mtoto Aliyeanguka

Msimu wa maembe unapowadia, watoto hupanda miti, na wengine huanguka. Mtoto wa miaka 6 akianguka na kutanguliza kiganja, mara nyingi mfupa huvunjika juu kidogo ya kiwiko, mahali ulipo mwembamba. Kiwiko huvimba, naye hukataa kukikunja. Hapo bibi hutaka kikandwe kwa mafuta ya nazi, jirani humtaja muunga mifupa, na mama hufikiria hospitali.

Muunga mifupa hastahili kubezwa. Wako walionyosha vigasha vya watu vikaunga vyema. Lakini kiwiko cha mtoto ni jambo jingine. Mbele yake hupita mshipa mkubwa wa damu pamoja na mishipa ya fahamu, na ncha ya mfupa uliovunjika yaweza kuibana au kuikata. Vidole vya fundi, hata viwe vizoefu vipi, haviioni. Kukanda nako huisogeza ncha hiyo na kuzidisha uvimbe, na baadaye misuli iliyokandwa yaweza kuota mfupa ndani yake, kiwiko kikakakamaa.

Linalonitia hofu zaidi ni mabanzi yaliyokazwa. Uvimbe huendelea kupanda siku ya kwanza na ya pili. Ukikosa nafasi, huzuia damu isifike kwenye misuli ya kigasha. Misuli hiyo huanza kufa baada ya saa chache, takriban 6. Ikishakufa hujikunyata, vidole vikapinda kama kucha za ndege, na hata upasuaji hauvirudishi vilivyokuwa. Mtoto aliyefungwa baada ya Alasiri, akaambiwa avumilie hadi asubuhi, amekwisha kuupita muda huo.

Kwa hiyo mtazame vidole. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, na hasa akilia unapomnyosha vidole taratibu, hiyo ndiyo dalili ya mapema. Ganzi, baridi na weupe huja baadaye. Bonyeza ukucha kisha uachilie: wekundu urudi ndani ya sekunde 2. Ukirudi upesi usijiaminishe, kwani misuli yaweza kuwa inaumia hali vidole vingali na rangi.

Kabla ya kutoka nyumbani, mvue bangili na pete. Usiunyoshe mkono, uegemeze kwenye kipande cha katoni kama ulivyoukuta, uufunge kwa leso bila kukaza. Asile kitu, huenda akahitaji usingizi wa dawa. Na mwende moja kwa moja penye eksirei, kwani zahanati isiyo nayo itawapotezea saa mnazozihitaji.

Mfupa uliosogea hurudishwa na kushikizwa kwa nyaya nyembamba, ambazo kwa kawaida huondolewa baada ya wiki 3 au 4. Hata plasta ya hospitali yaweza kubana. Dalili hizo zikitokea usiku, mrudisheni usiku huohuo.