Mfuko mpya wa korosho: Mnunuzi wa supamaketi anataka hesabu

Wasindikaji wengi wanaopeleka slaidi supamaketi huanza na picha ya shamba. Mnunuzi hana haja nayo. Anataka kujua pakiti ngapi zitarudishwa.

Tuchukue mfano wa mbanguaji wa korosho wa Mbesa, mkoani Ruvuma, anayetaka kuacha mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani na kutumia wenye karatasi ya alumini. Mafuta ya korosho huchacha yakikutana na hewa na mwanga; alumini huvizuia vyote viwili, mradi mdomo wa mfuko umebanwa sawasawa. Uzamishe kwenye maji na kuukandamiza: mapovu yakitoka, unavuja.

Tuseme pakiti ya gramu 250 inauzwa supamaketi kwa Sh 6,000, na mfuko mpya unaongeza Sh 300. Kwa pakiti 100, hiyo ni Sh 30,000. Ikiwa zamani nane zilirudishwa, hasara ilikuwa Sh 48,000. Zikiacha kurudi kabisa, anabaki na Sh 18,000. Zikipungua hadi nne tu, anapoteza Sh 6,000.

Kwa hiyo slaidi muhimu ni ya jaribio: mifuko ya aina zote mbili iliyojazwa siku moja, ikafunguliwa kila baada ya wiki mbili na kuonjwa. Bila hiyo, tarehe ya mwisho wa matumizi ni ya kubahatisha.

Slaidi ya mwisho iwe ya malipo. Uchumi ilipofunga maduka yake Tanzania mwaka 2015, iliacha wasambazaji wakidai. Andika idadi ya siku za kulipwa, na shehena ya pili isitoke kabla ya ya kwanza kulipwa.