Maneno ya Walioacha Kazi Yafike, Wenyewe Wasijulikane



Safari hii twataka kusema juu ya karatasi ambayo wengi wetu hatujapata kuiona, ingawa maneno yaliyomo ni yetu. Mfanyakazi anapoacha kazi, mara nyingine huitwa ofisini akaulizwa kwa nini anaondoka. Karani huandika majibu, kisha hukusanya majibu ya watu kadhaa akafanya muhtasari wa kupelekea wakubwa. Wakubwa husoma muhtasari tu. Basi neno lisiloingia humo ni kama halikusemwa.

Karatasi ya namna hiyo ilitufikia. Watu tisa walikuwa wameacha kazi katika genge moja la njia ya reli upande wa Bungoma, kazi ya kubadili mataruma na kushindilia kokoto. Baadhi yao ni wa kwetu Lwakhakha. Wote tisa walikubali tusaidie kuandika muhtasari wao. Mwajiri hatumtaji, na hesabu na mambo madogo madogo tumeyageuza humu, maana tusipofanya hivyo tutavunja lile lile tunalolifundisha.

Muhtasari wa kwanza tuliuandika sisi wenyewe, nao ulikuwa mbaya. Tuliondoa majina tukadhani tumemaliza. Lakini tulikuwa tumeandika: "Mama mmoja wa Lwakhakha, aliyeumia kidole mwezi wa Machi, asema koleo za kuinulia reli zimechakaa." Mwanamke katika genge lile alikuwa mmoja. Aliyeumia kidole mwezi ule alikuwa mmoja. Jina halikuandikwa, lakini ni nani asiyejua? Mji wetu ni mdogo, uko mpakani kando ya mto, na watu hujuana hata na wa ng'ambo ya Uganda. Tena tulinukuu mzee mmoja neno kwa neno, pamoja na methali yake ya Kibukusu. Kila aliyefanya kazi naye angesikia sauti yake katika karatasi.

Hofu hii si ya bure. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, yamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi cheti cha kazi kinachoonyesha alifanya kazi gani na tangu lini hata lini. Lakini kifungu hicho hicho hakimlazimishi kuandika sifa zake. Anayetafuta kazi mahali pengine bado ahitaji neno jema la bwana wake wa zamani. Akijulikana kuwa ndiye aliyelalamika, neno hilo aweza kulikosa.

Muhtasari wa pili ulitoka kwa karani wa ofisi, aliyetaka kuwaficha watu. Aliwaficha vizuri sana, na malalamiko akayaficha pamoja nao. Aliandika: "Baadhi ya wafanyakazi walitaja changamoto za ratiba, vifaa na uhusiano kazini." Mkubwa akisoma hivyo atasema, "Changamoto ziko kila mahali," afunge faili. Na watu walikuwa wamesema nini? Saba kati ya tisa walisema walifanya kazi hata majuma matatu pasipo siku ya kupumzika. Hilo silo jambo la ratiba. Kifungu cha 27 cha sheria ile ile champa mfanyakazi siku moja ya mapumziko, kwa uchache, katika kila siku saba.

Basi tukaketi tukaandika wa tatu. Kwanza tulipanga malalamiko kwa idadi ya waliosema, kubwa likaja mbele. Mahali pa "baadhi" tukaweka hesabu. Tukauliza kila lalamiko: nani alifanya nini, mara ngapi, na madhara yake yalikuwa nini? Tulitaja cheo au ofisi, hatukutaja mtu. Likawa hivi: "Saba kati ya tisa walisema ofisi ya genge iliwapanga kazini majuma mawili hadi matatu mfululizo bila siku ya mapumziko. Watano walisema hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuacha kazi. Kitabu cha mahudhurio chaweza kuthibitisha." Hapa hakuna anayejulikana, na hakuna kilichopunguzwa.

Tazameni lile neno la mwisho. Kitabu cha mahudhurio kinasema bila kuogopa mtu. Ndivyo tulivyofanya hata kwa koleo za reli. Tuliandika kwamba watano walilalamikia vifaa vilivyochakaa, tukaomba daftari la ajali litazamwe pamoja na vifaa vyenyewe. Kidole cha yule mama hakikutajwa, wala mwezi. Ajali yake ikiwa imeandikwa daftarini, wataiona huko, na si kwa kinywa chake.

Lililotushinda kwa muda ni la rushwa. Wanne walisema mtu hutoa kitu kidogo ili apewe kazi nyepesi. Tulipouliza vizuri, wawili walikuwa wametoa wenyewe, wawili walisikia. Kwanza twalitaka kuandika hivyo hivyo, kisha mwenzetu mmoja akauliza, "Aliyepokea hajui alipokea kwa nani?" Kweli. Ukificha jina kwa watu wote, yule aliyetenda jambo amjua aliyemtendea. Tena nyapara wa genge ni mmoja, kwa hiyo kutaja cheo ni kumtaja yeye, na shutuma za kusikia si haki kwake. Huyo naye ni mfanyakazi. Kifungu cha 41 chasema mtu asifukuzwe kwa kosa kabla ya kuelezwa shutuma na kusikilizwa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama.

Kwa hiyo katika muhtasari tuliandika: "Wanne walisema kazi nyepesi hutolewa kwa malipo, baadhi walisema kwa waliyoyapitia, wengine kwa kusikia. Halijathibitishwa, na lahitaji uchunguzi." Wale wawili tuliwaambia waziwazi kwamba wakitaka shauri liendelee ni lazima walete malalamiko yao kando, na hapo hawatafichika. Mmoja alikubali, mmoja alikataa. Hatukumlazimisha.

Watatu walisifu mafunzo waliyopewa kazini. Hayo pia tuliyaandika, na hesabu yake. Muhtasari wenye mabaya tu, huku mema yalisemwa, ni uongo vilevile.

Kabla ya kuutoa tuliupima mara mbili. Tulimpa mmoja wa walioacha kazi, tukamwuliza kama neno lake limo na kama lina uzito ule ule. Kisha tulimpa mwenzetu anayelijua genge lile, tukamwomba akisie nani alisema nini. Alikisia mmoja, kwa sababu ya maneno "tangu alipohamishwa". Tukayafuta.

Njia hii ina mwisho wake. Wakiwa wameondoka wawili au watatu tu, hakuna namna ya kuandika itakayowaficha. Hapo ni afadhali kungoja wengine, au kuunganisha na magenge mengine, au kuwauliza wenyewe kama wako tayari kujulikana. Na anayeuliza maswali asiahidi siri kamili. Aseme, "Jina lako sitaliandika, lakini waweza kukisiwa." Karatasi za majibu zifungiwe mbali na muhtasari.

Wawakilishi wetu wa matawi, mkiletewa muhtasari wa walioacha kazi, someni mkitafuta maneno mawili: "baadhi" na "changamoto". Mkiyakuta, ulizeni ni wangapi, na ni jambo gani. Kisha someni tena mkitafuta mama mwenye kidole.