Dakika Kumi za Vidole

Hesabu yenyewe inatia aibu. Chukua darasa la wanafunzi 45, kompyuta 15 na kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki. Ondoa dakika kumi za kuwasha mashine na kugombania viti: kila mtoto hubaki na dakika kumi, wenzake wawili wakimtazama. Kutazama hakufundishi vidole.

Nazo dakika hizo tunazimaliza kwa mazoezi ya Kiingereza yaliyokuja na programu, ilhali mstari wa kati wa kibodi umebeba Kiswahili tele: dada, kaka, lala, sala, saa, faa. Vidole vya shahada vikitulia juu ya F na J, penye vinundu, maneno haya yote huchapwa bila mkono kuhama. Herufi A, tunayoitumia mno, huangukia kidole cha mwisho cha kushoto, kidole dhaifu. Ndicho cha kuzoezwa kwanza.

Anayesubiri apewe kibodi iliyochorwa kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, achape maneno yale yale. Karatasi haionyeshi kosa, hivyo mwenzake wa tatu akague vidole vyake. Aliye kwenye mashine afunikwe mikono kwa kitambaa. Akikiinua kuchungulia, hajaiva.

Wanaotuambia tusubiri kompyuta zaidi watueleze watoto wa mwaka huu wafanye nini.