Asiyekuwapo na Lake Halipo: Hesabu ya Maji ya Nile

Kila mgogoro wa Mto Nile unapopamba moto, hutolewa sababu mbili nyepesi. Ya kwanza ni kwamba maji hayatoshi. Ya pili ni kwamba Ethiopia ni jirani mkorofi. Mimi siafiki hata moja. Chanzo cha ugomvi huu ni hesabu iliyofungwa mwaka 1959 na watu wawili, juu ya mali ya wengi.

Tuitazame hesabu yenyewe. Misri na Sudan zilikubaliana kwamba maji yanayofika Aswan kwa mwaka wa wastani ni mita za ujazo bilioni 84. Zikatoa bilioni 10 zitakazopotea kwa mvuke kwenye ziwa la bwawa. Bilioni 74 zilizosalia zikagawanywa: Misri 55.5, Sudan 18.5. Jumlisha mwenyewe, msomaji wangu, utaona hakuna kilichobaki. Ethiopia, ambako hutoka takriban asilimia 85 ya maji hayo, ilipewa sifuri. Tanganyika, Uganda na Kenya nazo zilipewa sifuri. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini hapa hata mwenye chemchemi alihesabiwa kuwa hayupo.

Sisi wa Ziwa Viktoria tulifungwa mapema zaidi. Kwa hati za mwaka 1929, Mwingereza aliiahidi Misri kwamba katika makoloni yake hakutajengwa mradi wa umwagiliaji au wa umeme utakaopunguza maji ya mto, kubadili wakati wa kufika kwake au kushusha kina chake, bila Misri kuridhia. Mwaka 1962 serikali ya Mwalimu Nyerere ilitamka kwamba Tanganyika huru haifungwi na ahadi hiyo. Hata hivyo, tulipoanza kuyapeleka maji ya ziwa Kahama na Shinyanga, miaka arobaini baadaye, bado yalisikika malalamiko kutoka Kairo.

Malalamiko hayo hayakuwa na uzito hata kwa kipimo cha maji. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Viktoria hupaa kama mvuke kabla hayajatoka ziwani. Yanayotoka hupita katika vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini, na humo karibu nusu ya maji ya Nile Nyeupe hupotea. Ndoo inayotekwa Shinyanga, kwa hiyo, si ndoo inayokosekana Kairo.

Nile ya Buluu ni habari nyingine, na hapa sitaipendelea nchi ya juu kwa sababu tu ni ya juu. Bwawa kubwa la Ethiopia, lililozinduliwa Septemba 2025, lina nafasi ya mita za ujazo bilioni 74, ilhali mto huo hutiririsha takriban bilioni 50 kwa mwaka. Ni kweli kwamba bwawa la umeme halinywi maji: huyapitisha kwenye mitambo na kuyaachia. Lakini linaamua yaachiwe lini. Mvua ikikosekana miaka mitatu mfululizo, Ethiopia itataka kuyabakiza ili mitambo izunguke, na Misri, isiyo na mvua ya kutegemea, itayataka shambani. Swali la haki si nani mwenye mto, bali ni kiasi gani kiachiwe katika mwaka wa ukame. Swali hilo lilihitaji jibu lililoandikwa kabla ya uzinduzi.

Kwa nini halikujibiwa? Kwa sababu mazungumzo hukwama kwenye maneno machache. Katika Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, nchi za juu zilikubali kutoathiri kwa kiwango kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri ilitaka yaongezwe matumizi na haki zilizopo sasa. Msomaji asidhani ni mapambo ya kisheria. Haki zilizopo sasa ni zile bilioni 55.5, anayezikubali ameitia saini hesabu ya 1959 kwa mlango wa nyuma.

Mkataba huo ulianza kutumika Oktoba 2024, na Tanzania imo. Nimesikia shangwe, nami siungani nazo kikamilifu. Unasema maji yatumiwe kwa haki na kwa kiasi, lakini hautaji mita hata moja ya ujazo. Misri na Sudan hazimo. Serikali zetu zimeshinda hoja dhidi ya mgawo wa zamani, bila kuweka mezani mgawo mpya wenye tarakimu pamoja na kanuni ya ukame. Zikiendelea kukaa hivyo, ukame utakapofika maji yatagawiwa na mwenye lango la bwawa, nasi tutakuwa tumemtoa bwana mmoja wa mto na kumweka mwingine.