Neno la Mhariri: Alama Iwekwe Nodi Inapoingia Foleni

Makala nyingi za toleo hili zinahusu grafu, na karibu zote zinapita mahali pamoja: utafutaji kwa upana, ulioandikwa kwa C, grafu ikiwa imehifadhiwa kama orodha za majirani, pamoja na foleni moja na safu moja ya kuonyesha nodi zipi zimeshaonwa. Ni msimbo mfupi, na kwa sababu ya ufupi wake watu huuandika kwa kumbukumbu bila kuuhoji. Hoja yangu inahusu mstari mmoja tu ndani yake, ule unaoweka alama ya kuonwa. Nashikilia kwamba alama hiyo ni lazima iwekwe wakati nodi inaingizwa kwenye foleni. Anayeiweka wakati nodi inatolewa ameandika programu nyingine, na mara nyingi hatajua, kwa sababu kompaila hailalamiki na majaribio mepesi yanapita.

Msimbo wenyewe, baada ya kuandaa safu na kuweka kichwa na mkia kuwa sifuri, ni huu:

```c
imeonwa[s] = 1;
umbali[s] = 0;
foleni[mkia++] = s;
while (kichwa < mkia) {
    int u = foleni[kichwa++];
    for (struct kiungo *k = orodha[u]; k; k = k->mbele) {
        int v = k->nodi;
        if (!imeonwa[v]) {
            imeonwa[v] = 1;
            umbali[v] = umbali[u] + 1;
            foleni[mkia++] = v;
        }
    }
}
```

Sasa tuondoe alama ndani ya `if`, tuondoe na ile ya mwanzo, kisha tuandike `imeonwa[u] = 1;` mara tu baada ya kutoa `u` kwenye foleni. Tuchukue grafu ndogo kuliko zote zenye mzunguko: pembetatu ya nodi 0, 1 na 2, kila moja ikiwa jirani ya nyingine, tukianzia 0. Inatoka 0 na kupewa alama, wanaingia 1 na 2, kila mmoja akiwa na umbali wa 1. Inatoka 1 na kupewa alama. Jirani yake 2 yuko kwenye foleni tayari, ila bado hana alama, basi `if` inamruhusu: umbali wake unaandikwa upya kuwa 2, naye anaingia foleni mara ya pili. Programu inamaliza ikisema kwamba kutoka 0 hadi 2 kuna hatua mbili, ilhali wamepakana. Na kama foleni ilitangazwa kwa nafasi tatu, kwa kuwa nodi ni tatu, ingizo la nne limeandikwa nje ya safu.

Kosa hili hufichika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mifano ya darasani mara nyingi ni miti, na kwenye mti kila nodi inafikiwa kwa njia moja tu, kwa hiyo namna zote mbili zinatoa jibu lile lile. Ya pili ni C yenyewe. Ukiandika nje ya safu, lugha haiahidi chochote: programu inaweza kuanguka, inaweza kuharibu kigeu cha jirani, au ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliyetangaza foleni ya nafasi 100 kwa grafu ya nodi 10 huenda asione dalili yoyote ya kuandika nje ya safu. Aliyetumia foleni ya mzunguko atapata dalili ya ajabu zaidi: mkia ukizunguka hadi kukikuta kichwa, foleni iliyojaa inasomeka kama foleni tupu, na utafutaji unakoma mapema huku nodi nyingine hazijafikiwa.

Wapo watakaojibu kwamba dawa ni kuongeza nafasi za foleni, au kuipanua kwa `realloc` kila inapojaa. Hesabu inakataa. Chukua mlolongo wa almasi: nodi ya mwanzo ina majirani wawili, nao wote wawili wanaelekea nodi moja ya mwisho, ambayo ndiyo mwanzo wa almasi inayofuata. Kwa namna ya kuweka alama wakati wa kutoa, nodi ya mwisho ya almasi ya kwanza inaingia foleni mara mbili, ya almasi ya pili mara nne, ya tatu mara nane. Almasi 20 ni nodi 61 tu, lakini maingizo yote ya foleni yanafika 4,194,301. Almasi 40 ni nodi 121, na maingizo yanapita trilioni nne. Hakuna nafasi itakayotosha. Alama ikiwekwa wakati wa kuingiza, kila nodi inaingia mara moja tu, na safu yenye nafasi sawa na idadi ya nodi haiwezi kujaa kupita kiasi. Ndiyo maana foleni ya safu ya kawaida, bila mzunguko na bila `realloc`, inatosha.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa wanaojua algorithimu ya Dijkstra. Huko nodi huthibitishwa inapotolewa, na ni sahihi. Kwa nini basi hapa iwe tofauti? Kwa sababu Dijkstra anashughulika na kingo zenye uzito usiolingana, ambako njia iliyoonekana kwanza inaweza kushindwa na nyingine fupi zaidi itakayogunduliwa baadaye. Hapa kila ukingo ni hatua moja. Wakati wowote foleni ina nodi za umbali wa aina mbili kwa wingi, zile za d mbele na za d+1 nyuma, kwa hiyo anayeiona nodi kwanza ndiye aliye karibu zaidi na chanzo. Habari ya kwanza ndiyo ya mwisho. Kusubiri kuithibitisha ni kuacha mlango wazi bila sababu.

Inawezekana, kweli, kuiokoa namna ile nyingine: nodi ikitolewa ikiwa na alama tayari, irukwe, na umbali uandikwe wakati wa kutoa. Jibu litakuwa sahihi. Ila foleni sasa itahitaji nafasi kwa kadiri ya kingo, na kila ingizo litalazimika kubeba umbali wake. Ni gharama isiyonunua kitu.

Nadhani chanzo cha mkanganyiko ni safu yenyewe. Kitabu cha Cormen na wenzake, kilichotoka kwanza mwaka 1990, kinazipa nodi rangi tatu: nyeupe kwa isiyoonwa, kijivu kwa iliyoonwa ikisubiri, nyeusi kwa iliyokamilika. Sisi tunazibana rangi tatu katika tarakimu mbili, 0 na 1, na tukiita safu hiyo jina linalomaanisha "iliyotembelewa", mwandishi anashawishika kuihesabu kijivu pamoja na nyeupe. Mahali pake ni pamoja na nyeusi.

Kwa walimu na wahakiki wetu, ombi ni dogo. Kabla ya kuikubali programu ya aina hii, ikusanye kwa `gcc -g -fsanitize=address`, tangaza foleni yenye nafasi kamili za nodi na si zaidi, kisha uipe pembetatu. Chapisha umbali wa nodi zote tatu. Ukipata 0, 1 na 1, soma mstari wa alama. Programu ikikatizwa kwa onyo la kuandika nje ya safu, au ukiona 2 popote, irudishe kwa mwandishi.